XMP, DNG au LUT? Faili la kuuzia rangi zako kwa wapiga picha wa Mtwara na Lindi

"Kaka, mbona umenitumia picha tu? Filta yenyewe iko wapi?" Anayeuliza hivyo amelipa kwa simu, amepokea mafaili manane ya DNG kwenye WhatsApp, akayafungua kwenye galari ya simu na kuona picha nane zinazofanana. Rangi alizonunua huenda ni nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba muuzaji alichagua faili kwa mazoea, hakujiuliza mnunuzi anafanyia kazi wapi.

Tuchukue muuzaji mmoja. Ni mpiga picha wa harusi wa Mtwara mjini, na ana mitindo minne ya rangi anayoifahamu vizuri: ufukweni mchana, kama Shangani au Msimbati, kivulini chini ya miembe, ukumbini usiku, na jua la kuzama Mikindani. Wanunuzi wake wako wa aina tatu. Kuna wapiga picha wenzake wenye kamera na laptopu, ambao kazi huwaongezeka fedha za korosho zikishaingia mikononi. Kuna wanaouza madera na vitenge mtandaoni, na vijana wa TikTok, ambao kila kitu chao kiko kwenye simu. Kisha kuna wapiga video za harusi. Swali ni moja tu: kwa nani auze XMP, kwa nani DNG, na kwa nani LUT?

| | XMP | DNG | LUT |
|---|---|---|---|
| Ni nini hasa | Orodha ya vipimo vya Lightroom, maandishi matupu | Picha iliyobeba vipimo hivyo ndani yake | Jedwali la kubadilisha rangi hii iwe ile |
| Inamfaa | Mwenye Lightroom, ya laptopu au ya simu | Mwenye simu tu, anayeshindwa kuingiza XMP | Mpiga video |
| Kuingiza | Mara moja, zote pamoja | Moja baada ya nyingine | Mara moja, ndani ya programu ya video |
| Isichobeba | Karibu hakuna | Karibu hakuna | Chembechembe, ukali wa picha, kingo zenye giza, marekebisho ya sehemu moja ya picha |

XMP: anzia hapa

Tangu Aprili 2018, Lightroom Classic ilipoacha mafaili ya zamani ya .lrtemplate, priseti, yaani mtindo wa rangi uliohifadhiwa, imekuwa faili dogo la maandishi la .xmp ambalo hata Notepad inalifungua. Hiyo ndiyo nguvu yake, kwa sababu muuzaji anaweza kukagua bidhaa yake kwa macho kabla ya kuiuza. Kwenye laptopu mnunuzi anabonyeza alama ya `+` kwenye `Presets`, kisha `Import Presets`, na mitindo yote inaingia kwa mkupuo. Kwenye Lightroom ya simu anafungua picha yoyote, anaingia `Presets`, anabonyeza nukta tatu, anachagua `Import Presets` na kuonyesha faili la zip lilivyo, bila kulifungua. Jambo la kumwambia mapema ni kwamba priseti alizoingiza kwenye Lightroom Classic hazihamii zenyewe kwenye simu yake. Ataingiza mara mbili.

Malalamiko mengi kuhusu XMP yana chanzo kimoja: muuzaji alihifadhi vipimo vya picha yake mwenyewe ndani ya mtindo. Unapotengeneza priseti, Lightroom hukuuliza ni vipimo gani vihifadhiwe. Ondoa alama kwenye `White Balance` na `Exposure`. Picha yako ya Msimbati saa saba mchana ilihitaji joto fulani la rangi na mwanga fulani. Picha ya mnunuzi aliyoipiga ukumbini Lindi chini ya taa za LED haina uhusiano wowote na vipimo hivyo. Ili kuhakikisha, fungua faili kwenye Notepad utafute mistari kama hii:

```
crs:Temperature="5200"
crs:Tint="+8"
crs:Exposure2012="+0.70"
crs:CameraProfile="Camera Portrait"
```

Ukikuta mitatu ya kwanza, kila picha ya mnunuzi italazimishwa kuwa na joto na mwanga wa picha yako. Wa nne ni mtego wa aina nyingine. Profaili zinazoanza na neno `Camera` hutegemea kamera iliyopiga picha, hivyo mnunuzi mwenye kamera ya kampuni nyingine anaweza kuikosa na rangi zikatoka tofauti na ulizomwonyesha. Tumia `Adobe Color`, ambayo ipo kwa kila mwenye picha za RAW.

Tatizo la pili liko kati ya RAW na JPG. Picha ya RAW inatoka kwenye kamera ikiwa imepoa, haijakolezwa. JPG ya simu imeshakolezwa na simu yenyewe kabla hujaigusa. Priseti iliyotengenezwa juu ya RAW kwa `Contrast` ya +30 ikiwekwa juu ya JPG inakoleza mara ya pili: nywele nyeusi zinageuka doa lisilo na nyuzi, na kanzu nyeupe inapoteza mikunjo yake. Kwa hiyo mtindo mmoja utolewe kwa matoleo mawili, na jina liseme wazi: `Shangani Mchana RAW`, `Shangani Mchana JPG`. Kwa toleo la JPG punguza ukolezaji hadi karibu nusu, kisha lipime kwa picha za simu halisi, kwa kuwa JPG ya kamera ukiwa umekaa studio haitakuonyesha tatizo. Mitindo minne mara matoleo mawili ni mafaili manane. Inatosha. Kifurushi cha priseti 60 humchanganya mnunuzi, na wewe huwezi kupima 60 kwa uangalifu.

Ngozi ndiyo mtihani wenyewe

Hapa ndipo priseti ya mtu wa kusini inaweza kuipita ya kununua mbali, na hapa ndipo inafaa kukaa muda mrefu.

Rangi ya ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, kwenye Lightroom iko zaidi kwenye slaida ya `Orange` na kidogo kwenye `Red`. Priseti nyingi maarufu hupandisha `Luminance` ya `Orange`, tuseme +25, na kushusha `Saturation` yake hadi -20, ili ngozi ing'ae na kulainika. Kwa ngozi nyeusi vipimo hivyo huleta majivu. Wekundu wa asili unaondoka, shavu linakuwa la kijivu, na mng'ao wa jasho kwenye paji la uso unageuka bato jeupe. Bibi harusi aliyepakwa manjano na kung'arishwa mafuta anaonekana kama amepauka.

Kwa mitindo minne ya mfano wetu, acha `Luminance` ya `Orange` kati ya -5 na +5, na usishushe `Saturation` yake chini ya -5. Ukitaka uso uwe na mwanga zaidi, pandisha `Shadows`, au mwachie mnunuzi apandishe `Exposure` mwenyewe. Ukitaka mchanga na kuta za mawe ya matumbawe za Mikindani zilainike, fanya hivyo kupitia `Yellow`, kwa sababu mchanga mkavu uko huko zaidi kuliko kwenye `Orange`. Kisha angalia mahali ambapo mitindo mingi hufeli: mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, saa saba mchana, mchanga ukimrudishia mwanga kutoka chini. Kanzu ikibaki na mikunjo, na uso ukabaki na rangi yake bila kupandisha kitu kingine, mtindo huo uko tayari kuuzwa.

DNG: kwa mwenye simu tu, na kwa uangalifu

DNG ni picha iliyobeba vipimo. Mnunuzi anaiingiza kwenye Lightroom ya simu, anaifungua, anabonyeza nukta tatu, anachagua `Create Preset` na kuipa jina. Akishamaliza anaweza kuifuta picha, priseti inabaki. Kwa mitindo minane anarudia hatua hizo mara nane, na ndiyo maana wengi huishia ya tatu. Kwa mnunuzi wa simu, toa matoleo manne ya JPG tu. Hana haja ya yale ya RAW.

Kwa kuwa Lightroom ya simu siku hizi inaingiza XMP moja kwa moja, DNG imebaki njia ya akiba. Iweke ndani ya kifurushi hichohicho, kwenye folda yake. Ikiuzwa peke yake inaleta maswali mengi kuliko mauzo.

Kuna mambo mawili yanayoharibu DNG. La kwanza ni WhatsApp. Faili likitumwa kama picha ya kawaida, haliwezi kufika na vipimo vyake. Litumwe kama `Document`, na ni salama zaidi likiwa ndani ya zip. La pili ni zito zaidi: DNG inabeba picha yenyewe, na taarifa za picha pamoja na mahali ilipopigwa kama kamera au simu ilihifadhi. Ukitumia picha ya bibi harusi wa mteja wako kubebea priseti, umemkabidhi kila mnunuzi picha kamili ya mtu huyo. Usifanye hivyo hata kama mteja alikuruhusu kuionyesha kwenye ukurasa wako. Piga karatasi ya kijivu au ukuta mtupu, ihifadhi kama JPG ya pikseli 1000 upande mrefu, iingize Lightroom, weka mtindo, kisha itoe kama DNG. Faili linakuwa dogo, halina sura ya mtu, na halimmalizii mnunuzi bando. Kwa kuwa asili yake ni JPG, linafaa hasa kwa toleo la JPG, na ndilo anunualo mwenye simu.

Ukiweka kwenye mtindo marekebisho yaliyofanywa kwa `Masking`, kama kutia giza anga peke yake, mwenye Lightroom ya bure ya simu hataweza kuyatumia bila kulipia. Priseti za simu zisiwe na kitu hicho kabisa.

LUT: usiitengeneze mpaka mpiga video aiulize

LUT ya .cube haina slaida wala vipimo. Ni jedwali linalosema rangi hii ikiingia, itoke ile:

```
TITLE "Mikindani Jioni"
LUT_3D_SIZE 33
0.000000 0.000000 0.000000
```

Ukubwa wa 33 unamaanisha mistari 33 × 33 × 33, yaani 35,937, na faili la karibu MB 1. Kwa kuwa inajua rangi tu, haiwezi kuongeza chembechembe, kunoa picha wala kutia giza kwenye kingo. Ndiyo maana mtindo wa picha haugeuki kuwa LUT ukabaki vilevile. Lightroom yenyewe haitoi .cube. Unautengeneza upya kwenye DaVinci Resolve, ukurasa wa `Color`: bonyeza kulia juu ya klipu, `Generate LUT`, `33 Point Cube`. Photoshop nayo inaweza, kupitia `File > Export > Color Lookup Tables`.

Faida yake ni kwamba inafanya kazi kwenye programu nyingi za video, mnunuzi hafungwi na Lightroom. Hasara yake kubwa ni kwamba haijui video iliyoingia ni ya aina gani. LUT iliyotengenezwa kwa video ya kawaida ya Rec.709 ikiwekwa juu ya video ya log ya kamera ya Sony, ile inayorekodiwa rangi zikiwa zimefifishwa makusudi, inaiacha imepauka. Iliyotengenezwa kwa log ikiwekwa juu ya video ya kawaida inaiunguza, vivuli vinazama na nyeupe zinapasuka. Jina la faili ndilo litakalomwokoa mnunuzi: `Mikindani_Rec709.cube`, `Mikindani_SLog3.cube`. Kwa wanaotumia iPhone 12 na kuendelea, waambie wazime `HDR Video` kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi, kwa sababu huwa imewashwa toka kiwandani na LUT ya Rec.709 haielewani nayo.

Kipimo cha haraka ni anga la jioni. Weka LUT juu ya klipu ya jua likizama Mikindani na uangalie pale rangi ya chungwa inapoingia kwenye bluu. Ukiona mikanda kama ngazi badala ya rangi kuyeyuka polepole, umekoleza kupita kiasi. Punguza.

Vipi filta za ndani ya programu za kijamii, zile za kubonyeza na kurekodi? Zinaleta watazamaji, lakini duka si lako. Meta ilifunga Meta Spark, jukwaa lake la kutengenezea filta, kwa watengenezaji wa nje tarehe 14 Januari 2025, na filta za watu zikaondoka Instagram na Facebook siku hiyohiyo. Zitumie kujitangaza. Bidhaa ya kuuza iwe faili ambalo mnunuzi analo mkononi.

Kufungasha

Kifurushi cha mfano wetu ni zip mbili. Ya kwanza, kwa mwenye laptopu, ina folda ya XMP yenye mafaili manane, maelekezo ya PDF ya ukurasa mmoja, na leseni. Ya pili, ya simu, ina XMP nne za JPG zikiwa zip ndogo ndani yake, DNG nne kwenye folda ya akiba, maelekezo na leseni. Usimchanganyie mtu wa simu mafaili ya laptopu ukidhani unamwongezea thamani. Maelekezo yawe na picha za skrini zenye mshale unaoonyesha pa kubonyeza, maana mnunuzi anatafuta neno `Import Presets` kama lilivyo kwenye simu yake. Ukilitafsiri hataliona.

Majina ya mitindo yawe yako. Mikindani, Shangani, Msimbati, Kisiwani: hayo yanabeba mahali na mwanga. Usiite mtindo wako kwa jina la kampuni ya filamu za zamani wala la mpiga picha mwingine. Na andika "kwa ajili ya Lightroom" bila kumfanya mtu adhani ni bidhaa ya Adobe.

Kuonyesha bila kudanganya

Picha ya "kabla" iwe RAW ilivyotoka, ikiwa na `Adobe Color` na mwanga uliosawazishwa. Kuitia giza makusudi ili "baada" ing'ae ni kumdanganya mnunuzi, naye atagundua ndani ya dakika tano za kwanza. Onyesha hatua tatu kwa picha moja: kabla, baada ya kubonyeza priseti tu, na baada ya kurekebisha `Exposure` na `White Balance`. Hatua ya pili mara nyingi si nzuri sana, na ni vizuri mnunuzi aione kabla ya kulipa.

Kwa kila mtindo tafuta picha tano zilizopigwa na watu tofauti kwa vifaa tofauti, angalau mbili za simu: mchana mkali, kivulini, ukumbini chini ya taa, ngozi nyeusi na nguo nyeupe, na moja ambayo mtindo umeshindwa. Ndiyo, iweke. Chini yake andika kwa nini: "Shangani Mchana haufai ukumbini, kijani cha taa kinaongezeka." Sentensi hiyo inapunguza wanaodai fedha zao kuliko tangazo lolote. Video ya kurekodi skrini ya simu ya sekunde 30, kidole kikibonyeza na slaida ya `Amount` ikienda kutoka 0 hadi 100 na kurudi 60, inaeleza mengi kuliko picha kumi. Ili slaida hiyo iwepo, weka alama kwenye `Support Amount Slider` unapohifadhi priseti.

Picha za mifano zinahitaji ridhaa ya aliyepigwa, kwa maandishi hata kama ni ya WhatsApp, ikitaja kwamba zitatumika kuuzia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si la hiari. Picha za wali wa unyago zisitumike kamwe, hata zikiwa na mwanga mzuri kiasi gani. Yanayofanyika kule ni siri ya wanawake, na wengi wa wanaochezwa ni watoto.

Leseni tatu

Mafaili yote matatu yananakilika kwa sekunde moja, na XMP inasomeka yote kwa Notepad. Hakuna kufuli la kuaminika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi, hailindi wazo, kwa hiyo mtu akitazama picha zako na kutengeneza mtindo unaofanana kwa mkono wake, huna la kumdai. Unachoweza kudai ni makubaliano aliyoyakubali aliponunua. Ndiyo maana leseni iandikwe kwa Kiswahili kifupi, na itumwe kabla ya namba ya malipo.

Leseni ya mtu mmoja, tuseme TSh 15,000, isomeke hivi: "Unaruhusiwa kutumia priseti hizi kwenye vifaa vyako vyote, kwa picha zako na za wateja wako, na kuuza picha hizo bila kunilipa zaidi. Huruhusiwi kumpa mtu mwingine mafaili, kuyaweka kwenye magrupu, wala kuyabadilisha kidogo na kuyauza kwa jina lako." Maneno "za wateja wako" ni ya lazima. Bila hayo mpiga picha wa harusi anabaki na wasiwasi kama anaruhusiwa, na mwangalifu hatanunua.

Leseni ya studio, tuseme TSh 40,000, itaje idadi: watu watano wanaohariri kwa jina la studio moja. Mfanyakazi akiondoka, leseni inabaki studio. Hili hugombanisha watu, kwa hiyo liandikwe.

Ya tatu ni ya kutengenezewa: studio ya Lindi inataka mtindo wake peke yake. Hapo unauza haki ya kipekee, na bei ihesabiwe kwa kile unachokipoteza. Kama mtindo huo ungeuzwa kwa watu 20 kwa TSh 15,000, umeacha TSh 300,000, na hiyo ndiyo sakafu ya bei kabla ya kuongeza kazi ya kutengeneza. Iandikwe muda wake, mwaka 1 au 2, na kwamba muda ukiisha unaweza kuuuza kwa wengine.

Kwa kila mnunuzi, fungua XMP kwenye Notepad ujaze sehemu hizi kabla ya kufunga zip, namba ikiwa ileile uliyoiandika kwenye daftari pembeni ya muamala wa malipo:

```
crs:Copyright="Jina lako, 2025"
crs:ContactInfo="Oda 0047"
```

Anayejua atazifuta. Asiyejua, ambaye ndiye hurusha faili kwenye grupu bila kufikiri, ataziacha, na faili likikurudia utajua lilitoka kwa nani na umpigie simu kwanza kabla ya kufanya lolote.